Barua imekwisha, usiitume bado: namna ya kuisahihisha hatua kwa hatua

Kikagua tahajia cha kompyuta kinajua kazi chache tu: kulipigia mstari mwekundu neno lisilomo kwenye orodha yake, au lililorudiwa papo hapo. Ukiandika "badala" ulipokusudia "baada", hakitasema kitu, kwa sababu "badala" ni neno halali. Vivyo hivyo kwa "ajali" iliyokaa mahali pa "ajili", au "alikua" mahali pa "alikuwa". Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo, yanayotofautiana kwa herufi moja au mbili, na kitenzi chake kinabeba mtendaji, wakati na ukanushi ndani ya silabi fupifupi ambazo kidole kinaweza kuziruka bila mtu kutambua.

Kwa hiyo barua ya Kiswahili husahihishwa kwa macho na masikio, na kwa mizunguko kadhaa, kila mzunguko ukitafuta kosa la aina moja. Anayetafuta yote kwa mara moja huishia kusoma barua yake kwa kuridhika, akiona alichokusudia kuandika na siyo kilichoandikwa.

Tutumie barua moja mwanzo hadi mwisho. Imeandikwa na kikundi kilichonunua viti, inakwenda kwa muuzaji, na tarehe yake ni 24 Machi 2025. Isome mara moja kwa mwendo wako wa kawaida kabla ya kuendelea.

> YAH: UPUGUFU WA VITI KATIKA ODA YETU YA TAREHE 3 MACHI 2025
>
> Kwa heshima tunaandika kuhusu samani tulizoagiza kwenu. Tarehe 3 Machi 2025 tuliagiza viti 40 na tumelipa siku hiyo hiyo badala ya kupokea ankara yenu. Mlituahidi kwamba viti vyote vitafika Jumatano, tarehe 13 Machi. Siku hiyo gari lenu lilifika na linaleta viti 28 tu. Dereva alisema vilivyobaki vitaletwa kesho yake, lakini hatukuvipokea hadi leo.
>
> Viti hivyo 14 tulivihitaji kwa ajali ya mkutano wetu wa Jumamosi, tarehe 15 Machi, na kukosekana kwake kulituadhiri sana, kwani watu 12 walikua wamesimama. Ningependa mtuletee viti vilivyobaki, au mturudishie zamani yake, ndani ya siku 7. Tafadhali dhibitisheni kwa maandishi siku mtayovileta. Nakala ya ya risiti imeambatanishwa.

Humo mna makosa 16. Kati ya hayo, 12 yamo ndani ya maneno au tarakimu zilizoandikwa vizuri kabisa, ambazo hakuna mstari mwekundu utakaozigusa. Kama uliona saba au nane, umesoma vizuri kuliko wengi.

Maandalizi

Iache barua kwanza. Nusu saa inatosha kwa barua ya ukurasa mmoja, na usiku mzima ni bora kama barua ina uzito na haraka haipo. Sababu yake ni kwamba sentensi uliyoitunga sasa hivi bado imo kichwani, nawe ukiipitia unaisoma kutoka kichwani. Ikipoa, inabidi uisome kutoka kwenye karatasi.

Kisha ibadilishe sura. Ichapishe ikiwa una printa. Kama huna, kuza herufi hadi pointi 16 au 18, badilisha aina ya mwandiko, na upunguze upana wa ukurasa ili mistari ivunjike mahali pengine. Macho yaliyozoea kuona "ya" mwishoni mwa mstari na "ya" nyingine mwanzoni mwa mstari unaofuata yataziona zikiwa zimekaa pamoja.

Weka mezani kila karatasi ambayo barua inaitaja. Kwa barua yetu ni oda, risiti, hati ya mzigo iliyosainiwa siku gari lilipofika, na kalenda. Utahitaji pia kalamu ya rangi nyingine na rula.

Jambo moja la kompyuta lifanyike mapema. Ikiwa programu inadhani barua ni ya Kiingereza, ukurasa mzima utakuwa mwekundu na alama hizo hazitakusaidia chochote. Katika Microsoft Word, chagua maandishi yote, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, uchague Kiswahili. Halafu fungua File, Options, Proofing, na uondoe alama kwenye Ignore words in UPPERCASE. Mpangilio huo kwa kawaida huja ukiwa umewashwa, na maana yake ni kwamba neno lolote lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu halikaguliwi. Ndiyo maana "UPUGUFU" linaweza kukaa kwenye kichwa cha barua, mahali panapoonekana kuliko pote, na lisipigiwe mstari. Hata macho hulipita, kwa kuwa herufi kubwa zote zina kimo kimoja na neno hukosa umbo lake la kawaida. Kichwa cha barua kisome silabi kwa silabi: U-PU-GU-FU. Hapo utasikia kwamba "NGU" haipo.

Mzunguko wa kwanza: tarakimu, tarehe na majina

Tunaanza hapa kwa sababu ya mpangilio tu. Kosa la ukweli likigunduliwa, huenda sentensi nzima ikaandikwa upya, na sentensi mpya huja na makosa mapya ya kuchapa. Makosa ya kuchapa basi yawe ya mwisho.

Zungushia kila tarakimu, kila jina na kila siku ya wiki. Kisha chukua moja moja na uitafute kwenye karatasi iliyotoka, siyo kwenye kumbukumbu yako. Ukishaiona, weka alama ya vema juu yake. Usiweke vema kwa jambo ambalo "unalijua".

Katika barua yetu, tarehe 3 Machi ipo kwenye oda, viti 40 vipo, na 28 vipo kwenye hati ya mzigo. "Jumatano, tarehe 13 Machi" haipiti: kwenye kalenda ya 2025, tarehe 13 Machi ni Alhamisi. Moja kati ya hizo mbili ni kosa, na kalenda peke yake haiwezi kukuambia ni ipi. Hati ya mzigo ina tarehe 12 Machi, kwa hiyo Jumatano ni sahihi na 13 ndiyo iliyoteleza. Kuandika siku pamoja na tarehe ni tabia nzuri kwa sababu hiyo hiyo: moja humchunga mwenzake.

Halafu fanya hesabu. 40 ukitoa 28 ni 12, lakini aya ya pili inasema viti 14. Tarakimu zinazotokana na tarakimu nyingine ndizo zinazokosewa zaidi, kwa kuwa hazimo kwenye karatasi yoyote. Zimepigwa kichwani wakati wa kuandika. Anayepokea barua ya madai atazipiga upya kabla ya kusoma kitu kingine, na akikuta kosa ana sababu ya kuyatilia shaka madai yote.

Kuna na "ndani ya siku 7". Halijaandikwa vibaya, ila halisemi siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini: siku ya kuandika au siku ya kupokea? Badala yake andika tarehe, "ifikapo tarehe 31 Machi 2025", na ubishi utakuwa umekwisha.

Mzunguko wa pili: vitenzi na nyakati

Huu ndio mzunguko unaorukwa na wengi, na ndio ninaoutetea kuliko mingine. Chora mstari mmoja pembeni ya karatasi na uweke juu yake matukio ya barua kwa mfuatano: tarehe 3 kuagiza na kulipa, tarehe 12 gari kufika, tarehe 15 mkutano, tarehe 24 ambayo ni leo, na tarehe 31 ambayo bado. Kisha pigia mstari kila kitenzi cha barua na ukiulize swali moja: wewe unakaa wapi kwenye mstari huu?

"Tuliagiza" inakaa tarehe 3. "Tumelipa siku hiyo hiyo" nayo inadai kukaa tarehe 3, lakini imevaa -me-. Kiambishi hiki husema jambo limetimia na hali yake ipo mpaka sasa. Ungeandika "Tumelipa gharama zote" bila kutaja siku, ingekuwa sawa kabisa: fedha imelipwa na inabaki imelipwa. Ukishaitaja siku iliyopita, tendo limefungwa kwenye siku hiyo na linataka -li-: "tulilipa siku hiyo hiyo". Katika mazungumzo utawasikia watu wengi wakisema "jana nimekwenda", na hakuna anayewashangaa. Kwenye barua rasmi, "tuliagiza na tumelipa" ndani ya sentensi moja humfanya msomaji ajiulize kama malipo yalifanyika siku nyingine.

"Imeambatanishwa" ya mwisho, kwa upande mwingine, iachwe. Nakala ya risiti imefungwa kwenye barua na msomaji anaiona ikiwa pale. Hiyo ndiyo kazi ya -me-.

Tunafika "lilifika na linaleta". Gari lilifika tarehe 12. "Linaleta" inalitoa kwenye tarehe 12 na kulileta leo. Hapa una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni -ka-, ambayo hufuata -li- na kusogeza masimulizi mbele: "lilifika likaleta viti 28". Ya pili ni kuweka kitenzi cha ku- baada ya "na", ambacho hukopa wakati wa kitenzi kilichotangulia: "lilifika na kuleta viti 28". Kinachozaa kosa hili mara nyingi ni marekebisho. Mwandishi alianza kwa "gari lenu linafika na linaleta", akarudi kubadilisha kitenzi cha kwanza, akasahau cha pili. Kila unapogusa wakati wa kitenzi kimoja, soma sentensi yote mpaka nukta.

"Hatukuvipokea hadi leo" ndilo kosa zito kuliko yote katika barua hii, na ndilo linaloonekana dogo kuliko yote. Kikanushi cha -li- ni -ku-: tulipokea, hatukupokea. Kikanushi cha -me- ni -ja-: tumepokea, hatujapokea. "Hatukuvipokea" hufunga jambo: siku ile ilipita na viti havikuja, basi. "Hatujavipokea" huliacha wazi: havijaja na bado tunavingoja. Barua inayodai viti inataka hali ya pili. Maneno "hadi leo", "mpaka sasa" na "bado" ni ishara nzuri. Ukiyaona karibu na kitenzi cha kukanusha, tazama kama kina -ja-.

Kisha "siku mtayovileta". Kitenzi cha wakati ujao kikibeba kirejeshi, -ta- hurefuka na kuwa -taka-: mtakayovileta, atakayekuja, yatakayojadiliwa. "Atayekuja" na "mtayoleta" husikika kila siku, lakini kwenye karatasi ni makosa. Na kwa kuwa tumegusa virejeshi: -me- haikai navyo. Usiandike "viti mmevyoleta". Andika "viti mlivyoleta" au "viti ambavyo mmeleta".

Sasa kengele za uongo, kwa maana mtu akishapata kalamu ya kusahihisha huanza kusahihisha hata kilicho sawa. "Mlituahidi kwamba viti vyote vitafika" inachanganya -li- na -ta-, na ni sahihi. Ahadi ilitolewa kwa wakati ujao na Kiswahili kinauacha kama ulivyotamkwa. Ndivyo ilivyo kwa "Dereva alisema vilivyobaki vitaletwa kesho yake". Wanaosoma na kuandika Kiingereza kazini hushawishika kugeuza hizi kuwa "vingefika" na "vingeletwa", na matokeo yake huingiza harufu ya sharti ambalo halikuwepo. Kubadilika kwa wakati siyo kosa. Kosa ni wakati kubadilika huku tukio halijabadilika mahali pake kwenye mstari ule.

Kama barua ina masharti, angalia jambo moja zaidi: -nge- iende na -nge-, na -ngali- na -ngali-. "Kama mngetuarifu mapema, tungalitafuta viti kwingine" imechanganya jozi. Chagua moja na uipeleke mpaka mwisho wa sentensi.

Ukiwa bado kwenye vitenzi vilivyopigiwa mstari, rudi tena mwanzo na utazame kiambishi kilicho mbele ya wakati, yaani mtendaji. Tunaandika, tuliagiza, tulilipa, tulivihitaji, halafu ghafla "Ningependa". Kikundi kimegeuka kuwa mtu mmoja. Iwe "Tungependa".

Mzunguko wa tatu: maneno yaliyokaa mahali pa mengine

Mzunguko huu husomwa kwa sauti, polepole, ikiwezekana mbele ya mtu ambaye hajaiona barua. Msomaji wa kimya hulitazama umbo la neno na kupita. Ulimi unalazimika kulitamka. Ukitamka "tulilipa badala ya kupokea ankara yenu", sikio litakuzuia: kwani kulipa na kupokea ankara ni mambo ya kuchagua moja? Iwe "baada ya". Ukitamka "kwa ajali ya mkutano wetu", utadhani mkutano uligongwa na gari.

Makundi matatu ya maneno ndiyo yanayoleta taabu zaidi.

La kwanza ni yale yanayofanana kwa sauti, hasa kwa mwandishi ambaye lafudhi yake haitenganishi th, dh, z na s, au r na l. Hapa masikio hayatakusaidia, kwa sababu unayatamka yote sawa. Inakubidi uyajue kwa orodha. Katika barua yetu "zamani yake" ilikusudiwa kuwa "thamani yake". Zamani ni wakati uliopita, thamani ni kiasi cha ubora au bei ya kitu, samani ni viti na meza, na dhamana ni ahadi ya kubeba wajibu wa mtu au kitu. Barua ya kununua viti inaweza kuyahitaji yote manne. "Dhibitisheni" nayo imezaliwa na maneno mawili: kuthibitisha ni kuhakikisha kwamba jambo ni kweli, kudhibiti ni kuzuia au kuweka chini ya mamlaka. Tunataka "thibitisheni". Kwa r na l, angalia mahali na mahari, kalamu na karamu, kula na kura.

Kisha kuna "kulituadhiri". Kuathiri ni kuleta matokeo, mara nyingi mabaya. Kuadhiri ni kumvunjia mtu heshima mbele za watu. Tatizo ni kwamba wageni 12 kusimama mkutanoni ni jambo linaloweza kukuathiri na kukuadhiri pia, kwa hiyo sentensi inaleta maana kwa njia zote mbili. Msahihishaji mwingine hawezi kuamua hapa. Anachotakiwa kufanya ni kulizungushia neno na kumuuliza mwenye barua. Mwenye barua alikusudia "kulituathiri".

Kundi la pili ni kua na kuwa, na hili linastahili kutafutwa peke yake. Kukua ni kuongezeka kimo au umri. "Watu 12 walikua wamesimama" inasema watu waliongezeka kimo wakiwa wima. Tumia `Ctrl+F`, andika kua pamoja na nafasi moja baada yake, ili usiletewe kila "kuandika" na "kuamua" zilizomo. Pitia kila matokeo. Neno likiwa mwishoni kabisa mwa sentensi, nukta itakuwa mahali pa nafasi, kwa hiyo tafuta pia kua yenye nukta.

Kundi la tatu ni vitenzi na majina ambayo mnyambuliko mmoja hugeuza nani anampa nani. Kukodi ni kuchukua kitu kwa kodi, kukodisha ni kukitoa kwa kodi. Kukopa na kukopesha, mdai na mdaiwa, mwajiri na mwajiriwa ni vivyo hivyo. Kuwasilisha ni kufikisha kitu, kuwasiliana ni kupashana habari, kwa hiyo "tutawasilisha nanyi" haisimami. Ukikutana na neno la jozi hizi, weka kidole juu yake na useme kwa sauti ni nani anayetoa na ni nani anayepokea. Kama barua ikimwita mkopeshaji "mdaiwa", madai yamegeuka.

Baadaye, kusanya maneno uliyoyakosea kwenye karatasi moja uibandike karibu na meza. Kila mwandishi hurudia makosa yale yale. Orodha yako ya maneno kumi ina faida kubwa kuliko orodha ya mtu mwingine ya maneno mia.

Mzunguko wa nne: upatanisho ulioachwa na marekebisho

Mzunguko huu ni mfupi. Unapobadilisha nomino, kila kilichokuwa kikiifuata kinabaki na ngeli ya nomino ya zamani. "Kukosekana kwake" katika barua yetu ni mabaki: rasimu ya kwanza ilisema "mzigo huo tuliuhitaji", na mzigo ulipobadilishwa kuwa viti, kitenzi kikarekebishwa lakini "kwake" ikasahaulika. Viti hukosekana "kwavyo". Ukiligeuza "ombi" kuwa "maombi", basi "langu lilipokelewa" lazima igeuke "yangu yalipokelewa". Kumbuka ni nomino zipi ulizibadilisha, kisha ufuate kila moja kwa kidole mpaka nukta.

Mzunguko wa tano: herufi, nafasi na alama

Sasa ndipo makosa ya kuchapa yanapotafutwa. Anza na sentensi ya mwisho, kisha iliyo kabla yake, hadi juu. Ukisoma kinyumenyume kwa sentensi, maana haikubebi tena na kila neno linabaki peke yake. Weka rula chini ya mstari unaousoma ili jicho lisitangulie.

Sentensi ya mwisho ya barua yetu ina "ya ya". Maneno mafupi, yaani ya, wa, na, kwa, ni, ndiyo yanayorudiwa bila kujulikana. Usifute kila neno lililojirudia, lakini. "Hiyo hiyo" na "moja moja" ni Kiswahili kizuri.

Tazama nafasi kwa makini. "Ili kuomba" ikiunganishwa inakuwa "ilikuomba", kitenzi kamili chenye maana nyingine, na hakuna mstari utakaotokea. "Kwa ajili", "kwa hiyo" na "kwa sababu" huandikwa mbalimbali. Upande wa pili, "na omba" na "tuta wasiliana" vimekatwa pasipofaa, kwani viambishi havitengani na kitenzi chake. Nafasi mbili zilizofuatana zitafute kwa `Ctrl+F` ukiandika nafasi mbili.

Kisha angalia mwanzo wa kila kitenzi cha kukanusha. "Hatutarudisha" ikipoteza "ha" inabaki "tutarudisha", neno zima lenye afya, linaloahidi kinyume cha ulichokataa.

Ukipata kosa, usiendelee mara moja. Rudi nyuma maneno matano na usome tena. Jicho lililofurahia kukamata kosa huruka lililo jirani, na katika barua yetu "mtayovileta" iko maneno manne tu baada ya "dhibitisheni".

Kuingiza masahihisho

Kila sahihisho kwenye karatasi liwe na alama pembeni ya mstari wake. Kabla ya kukaa kwenye kompyuta, hesabu alama zote na uandike jumla juu ya ukurasa; kwetu ni 16, pamoja na moja ya siku 7 tuliyoamua kuibadilisha, jumla 17. Ukiingiza moja, ikate. Mwishoni zilizokatwa ziwe 17. Zikiwa 16, kuna moja iliyosahaulika, na utaipata kwa dakika moja badala ya kusoma barua yote upya.

Kila sentensi uliyoigusa isomwe tena nzima, pamoja na iliyo kabla na iliyo baada yake. Makosa yanayofika kwa mpokeaji mara nyingi ni yale yaliyoingia wakati wa kusahihisha. Barua yetu sasa inasomeka hivi:

> YAH: UPUNGUFU WA VITI KATIKA ODA YETU YA TAREHE 3 MACHI 2025
>
> Kwa heshima tunaandika kuhusu samani tulizoagiza kwenu. Tarehe 3 Machi 2025 tuliagiza viti 40 na tulilipa siku hiyo hiyo baada ya kupokea ankara yenu. Mlituahidi kwamba viti vyote vitafika Jumatano, tarehe 12 Machi. Siku hiyo gari lenu lilifika na kuleta viti 28 tu. Dereva alisema vilivyobaki vitaletwa kesho yake, lakini hatujavipokea hadi leo.
>
> Viti hivyo 12 tulivihitaji kwa ajili ya mkutano wetu wa Jumamosi, tarehe 15 Machi, na kukosekana kwavyo kulituathiri sana, kwani watu 12 walikuwa wamesimama. Tungependa mtuletee viti vilivyobaki, au mturudishie thamani yake, ifikapo tarehe 31 Machi 2025. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi siku mtakayovileta. Nakala ya risiti imeambatanishwa.

Bado kuna neno moja la kugombana nalo: "thamani yake", wakati viti ni vingi. Kwa ukali wa ngeli ingekuwa "thamani yavyo", na hapo masikio ya wengi yatakataa. Andika "thamani ya viti hivyo" na umalize.

Hifadhi barua kama faili la PDF, kisha ulifungue hilo faili lenyewe, siyo lile uliloandikia. Tazama kama mistari haikuvunjika vibaya, kama sahihi haikubaki peke yake ukurasa wa pili, na kama tarehe ya juu ni ya siku unayotuma. Kwa kuwa barua inasema nakala ya risiti imeambatanishwa, iambatanishe kwanza, ifungue uione, ndipo uandike anwani ya mpokeaji. Anwani ikiwa ya mwisho kuandikwa, kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kutuma, barua haina pa kwenda.